Bili ya wakala wa forodha: kipi ni cha mashine, kipi si chake

*"Mwalimu, habari za kazi. Niliagiza mashine ya kujaza chupa, ankara ya kiwandani ni dola 80,000. Wakala wa forodha amenitoza dola 32,692 kwa bili moja, na mimi nimeiandika yote kuwa gharama za mwaka huu. Mkaguzi anasema nimekosea, kuna sehemu ni ya mashine na inapaswa kuchakaa pamoja nayo. Sehemu ipi? Halafu benki inataka hesabu ya mashine ya pili kama hiyo hiyo. Kwenye mtaji wa kuanzia niweke kiasi gani? Hati zote nimekuambatishia."*

Ndugu yangu, mkaguzi wako yuko sahihi. Ila usije ukatoka kosa moja ukaingia jingine kwa kuichukua bili yote na kuipachika kwenye mashine. Maswali yako mawili yana majibu mawili tofauti. La kwanza linauliza mashine imegharimu kiasi gani. La pili linauliza fedha kiasi gani lazima ziwe mkononi mpaka mashine ianze kazi. Jumla hizo mbili hazilingani, na kinachozitenganisha zaidi ni mambo ya forodha.

Tuanze na bili yenyewe, maana shida ilianzia hapo. Wakala amekuandikia mstari mmoja, "gharama za kutoa mzigo", na mhasibu wako akaupokea jinsi ulivyo. Nimeufungua kwa kutumia tamko la forodha na stakabadhi ulizonitumia. Ndani yake mna vitu vitano. Ushuru wa forodha ni dola 8,600. Tozo ya kushughulikia tamko ni 860. Kodi ya ongezeko la thamani ni 19,092. Ada ya wakala pamoja na upakuaji bandarini ni 1,740. Cha mwisho, ambacho hukukitaja, ni tozo ya kuhifadhi na kuchelewesha kontena, dola 2,400. Ukijumlisha unapata 32,692 kamili. Kuanzia mzigo ujao usikubali bili ya mstari mmoja. Wakala anakulipia fedha za serikali, za bandari, za mwenye meli na zake mwenyewe, na kila moja ina njia yake kwenye vitabu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16, IAS 16, kinasema gharama ya mali ya kudumu ni bei ya kununulia baada ya kutoa punguzo, ikiwemo ushuru wa kuingiza na kodi za manunuzi zisizorejeshwa, na juu yake gharama zinazohusika moja kwa moja na kuifikisha mali mahali pake na kuiweka katika hali ya kufanya kazi iliyokusudiwa. Kiwango cha makampuni madogo na ya kati kinafuata njia hiyo hiyo. Mimi nikiwa na hati mkononi huwa naiuliza kila shilingi maswali mawili: je, fedha hii itanirudia? Na je, mashine ingeweza kufika na kuwaka bila fedha hii kulipwa? Ikiwa hairudi, na bila hiyo mashine isingefika, basi fedha hiyo ni ya mashine.

Ushuru wa 8,600 unapita moja kwa moja. Haurudi, na bila kuulipa kontena lisingetoka getini. Mtu anaweza kuuona kama kodi tu, na kodi tumezoea kuiandika kwenye gharama za mwaka. Lakini huu hukulipa kwa sababu ya biashara ya mwaka huu. Umeulipa mara moja ili upate kitu kitakachokuzalishia miaka minane, kwa hiyo kila mwaka ubebe sehemu yake. Tozo ya 860 inafuata mkondo huo huo, na ada ya wakala na upakuaji vilevile.

Kodi ya ongezeko la thamani ni habari nyingine. Umesajiliwa, na vinywaji unavyouza vinatozwa kodi hiyo. Maana yake 19,092 uliyolipa bandarini ni fedha unayoidai, ama utaikata kwenye kodi ya mauzo yako, ama utarejeshewa. Kuiandika kuwa gharama ni kujinyima fedha yako, na kuiweka kwenye mashine ni kuichakaza fedha ambayo itarudi kwa mlango mwingine. Mahali pake ni kwenye akaunti ya kodi inayodaiwa. Hakikisha tu kwamba mwingizaji aliyetajwa kwenye tamko la forodha ni kampuni yako, kwa namba yako ya mlipakodi. Nimeona mawakala wakipitisha mzigo kwa jina lao ili wamalize haraka, kisha mwenye mali anashindwa kudai kwa sababu kwenye hati yeye hayumo. Hati yako iko sawa, nimeiangalia.

Kama ungekuwa hujasajiliwa, au bidhaa zako ziwe zimesamehewa kodi hiyo kiasi kwamba huna pa kuikata, jibu lingegeuka kabisa. Kodi isiyorejeshwa ni gharama ya mashine kama ulivyo ushuru. Ndiyo maana mashine ile ile, kwa bei ile ile, inaweza kuingia vitabuni kwa thamani mbili tofauti katika kampuni mbili. Na anayeruhusiwa kukata sehemu tu huigawa: sehemu inayorudi inakwenda kwenye madai, isiyorudi inakwenda kwenye mashine.

Iliyobaki ni 2,400 ya kuhifadhi na kuchelewesha kontena, na hapa ndipo watu hubishana sana. Hairudi, kwa hiyo swali la kwanza imelipita. Swali la pili ndilo linaloikamata: mashine ingefika bila hiyo. Tarehe za kwenye hati zako zinaeleza zenyewe. Tamko lilikubaliwa siku ya 4 tangu mzigo ushushwe. Kodi zililipwa siku ya 19. Siku zilizoongezeka katikati hazikuiboresha mashine wala kuisogeza karibu na kiwanda chako, zilikuwa siku za kutafuta fedha. Hasara ya kuchelewa inabaki kwenye gharama za mwaka, sawa na faini yoyote ya forodha. Hifadhi ya siku chache ambazo kila mzigo huzikaa wakati wa ukaguzi ningeikubali iingie kwenye mashine, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya kawaida ya kusafiri. Lakini hizi zako zimevuka hapo.

Sasa tuijenge gharama ya mashine. Bei ya kiwandani 80,000, ambayo tayari imeondolewa punguzo. Nauli ya meli 5,200 na bima ya safarini 800. Ushuru 8,600 na tozo 860. Wakala na upakuaji 1,740. Lori la kuifikisha kiwandani 1,800. Fundi wa kuifunga na majaribio 3,000. Jumla ni dola 102,000. Hiyo ndiyo gharama ya kuingiza kwenye daftari la mali za kudumu. Mafunzo ya waendeshaji, dola 1,500, umeyaweka vizuri kwenye gharama za mwaka. Yanahitajika, ndiyo, lakini IAS 16 inayataja waziwazi kuwa hayaingii, maana ujuzi unabaki kichwani mwa mfanyakazi na anaweza kuondoka nao kesho.

Umekadiria miaka 8 ya matumizi na thamani ya masalio ya 6,000. Uchakavu kwa mstari ulionyooka ni 102,000 kutoa 6,000, kugawa kwa 8, yaani 12,000 kwa mwaka. Wewe uliiweka mashine kwa 90,800, kwani nauli, lori na ufungaji uliviingiza vizuri, ukapata uchakavu wa 10,600. Tofauti ya 1,400 kwa mwaka inaonekana ndogo. Lakini tazama mwaka wa kwanza peke yake: umebeba bili nzima ya 32,692 na uchakavu wa 10,600, jumla 43,292. Ilipaswa kuwa 2,400 ya kontena na 12,000 ya uchakavu, jumla 14,400. Umejionyesha kuwa masikini kwa dola 28,892 zaidi ya hali halisi. Kati ya hizo, 19,092 ni kodi unayoidai, na 9,800 zilizobaki zingerudi kidogo kidogo kwa kuipamba faida ya miaka saba inayofuata kwa 1,400 kila mwaka. Benki ikisoma vitabu hivyo itaona kampuni iliyoyumba mwaka mmoja, kisha ikapona bila sababu.

Kwa kuwa vitabu vya mwaka havijafungwa, marekebisho ni mepesi. Ongeza akaunti ya mashine kwa 11,200, ongeza kodi inayodaiwa kwa 19,092, punguza gharama za mwaka kwa 30,292, kisha ongeza uchakavu wa mwaka kwa 1,400. Ile 2,400 iache pale pale ilipo. Nimechukulia mwaka kamili wa uchakavu kwa sababu mashine ilikuwa tayari kwa kazi tangu mwanzo wa mwaka wako wa fedha. Uchakavu huanza siku mashine inapokuwa mahali pake na iko tayari kutumika. Siku meli ilipotia nanga haihesabiki, wala siku ushuru ulipolipwa. Malipo yanayotangulia siku hiyo yanakusanywa kwenye akaunti ya mali iliyo njiani, na hayachakai yakiwa humo.

Kuna mtego mmoja nataka tuukalie kidogo, maana mhasibu wako alikaribia kuuingia. Kwenye tamko la forodha kuna kisanduku cha thamani ya forodha, na kwako kimeandikwa 86,000. Pembeni yake kwa kalamu ameandika "thamani ya mashine?". Namba hiyo si gharama ya mashine. Ni kipimo cha kutozea ushuru tu. Chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu uthamini wa forodha, msingi wa kwanza ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kwa bidhaa husika, na kila nchi mwanachama inachagua kama itajumlisha nauli na bima au itaviacha nje. Kwako vimejumlishwa, ndiyo maana 80,000 ikawa 86,000, na ushuru wa asilimia 10 ukawa 8,600 badala ya 8,000. Halafu kodi ya ongezeko la thamani ikatozwa juu ya vyote: 86,000 na ushuru na tozo, yaani 95,460, kwa asilimia 20. Ndipo ikapatikana 19,092. Ushuru unatozwa, kisha ushuru wenyewe unatozewa kodi. Anayekadiria kwa kuzidisha ankara ya kiwandani kwa asilimia 10 na asilimia 20 atapungukiwa kila mara.

Thamani ya forodha inaweza pia kwenda mbali na bei yako kwa njia mbili nyingine. Afisa akikataa ankara na kupandisha thamani, utalipa ushuru mkubwa zaidi. Ushuru huo ulioulipa kweli, maadamu hukuupinga ukashinda, unaingia kwenye mashine, lakini bei ya mashine inabaki ile uliyomlipa muuzaji. Huwezi kuandika kwamba umenunua kwa 90,000 eti kwa sababu forodha imesema 90,000. Ya pili ni kiwango cha kubadili fedha. Forodha hutumia kiwango chake ilichokitangaza kwa kipindi fulani, ilhali vitabu vyako vinatumia kiwango cha siku ya muamala. Ulichomlipa muuzaji kama malipo ya awali kinaingia kwa kiwango cha siku ulipolipa. Deni lililobaki likipanda kwa sababu sarafu yako imeshuka, hasara hiyo ni ya mwaka, haiipandishi mashine. Mimi nimefanya hesabu zote kwa dola ili uzifuate kwa urahisi, lakini kwenye vitabu vyako kila mstari lazima ubebe kiwango cha siku yake.

Sasa tuje benki. Hapa sahau uchakavu kwa muda, angalia fedha inayotoka na siku inayotoka. Kwa mashine ya pili, kama bei na viwango havijabadilika, utahitaji 102,000 za mashine, 1,500 za mafunzo, na 19,092 za kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu forodha haitakusubiri mpaka udai. Jumla ni 122,592. Ukienda benki na ile 102,000 kwa kuwa ndiyo iliyoko kwenye daftari la mali, utapungukiwa na 20,592 wakati kontena limekaa bandarini na tozo inahesabiwa kila siku. Nadhani ndicho kilichokupata mara ya kwanza. Ile 2,400 ilitokana na kodi ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Kwenye jedwali la mradi, 19,092 iandike kama fedha inayotoka mwanzoni, kisha iandike tena ikirudi katika kipindi ambacho kweli huwa unarejeshewa. Umeniambia kwako ni kama miezi sita. Kwa gharama ya mtaji ya asilimia 14 kwa mwaka, fedha itakayorudi baada ya nusu mwaka ina thamani ya leo ya takriban 17,880. Kwa hiyo kodi ambayo "haikugharimu kitu" imekugharimu takriban 1,200 za kusubiri. Usiiache nje ya hesabu, wala usiihesabu yote kama imepotea. Na uliza kama sheria ya nchi yako inaruhusu kuahirisha kodi hii kwa mitambo ya uzalishaji, maana baadhi ya nchi zina utaratibu huo. Ukiupata, 19,092 inaondoka kwenye mkopo unaouomba, na riba yake pia.

Ushuru nao una sura mbili kwenye jedwali hilo. Unatoka wote siku ya kwanza, lakini nafuu yake ya kodi ya mapato inakuja polepole. Chukua ushuru na tozo, 9,460. Tuseme kodi ya mapato ni asilimia 30, na mamlaka inakubali uchakavu wa mstari ulionyooka kwa miaka ile ile 8. Kila mwaka unakata 1,182.50 na kuokoa kodi ya takriban 355. Mfululizo huo wa miaka minane, kwa asilimia 14, una thamani ya leo ya takriban 1,646. Kwa hiyo ushuru wa 9,460 umekugharimu takriban 7,814 baada ya kodi. Rasimu uliyopeleka benki imeukata ushuru wote kwenye faida ya mwaka wa kwanza, ikaonyesha kodi iliyookolewa ya 2,838 mwishoni mwa mwaka huo, ambayo kwa thamani ya leo ni takriban 2,489. Mradi ukapambwa kwa zaidi ya 800 zisizokuwepo. Kwenye mashine yenye ushuru wa asilimia 10 hilo halitaugeuza uamuzi, lakini kwenye mtambo unaotozwa asilimia 25 linaweza.

Nimesema "tuseme" kwa makusudi. Viwango vya kuchakaza kwa ajili ya kodi ya mapato hupangwa na sheria, na mara nyingi havifanani na miaka yako ya vitabuni. Tumia viwango vya sheria kwenye jedwali la benki, na miaka yako kwenye vitabu. Msingi wa kuanzia, wenye ushuru ndani yake, kwa kawaida ndio unaofanana pande zote mbili. Na ukiwa hapo hapo, angalia bima ya kiwandani. Umeikatia mashine bima ya 80,000. Ikiungua, utakayonunua badala yake italipiwa nauli na ushuru kama hii.

Kuna mistari mingine miwili ya kuangalia kwa mzigo wa pili. Umesema utaleta vipuri kwenye kontena hilo hilo. Vipuri vya kawaida vya kubadilisha mara kwa mara ni akiba ya ghala, kwa hiyo vichukue ushuru wao na fungu lao la nauli, visiubebeshe mtambo. Ushuru utaupata kwa urahisi, kwa kuwa tamko linauonyesha kwa kila mstari wa bidhaa. Nauli igawe kwa uzito au kwa thamani, chagua kimoja ukibaki nacho. Na kama forodha itakudai dhamana ya fedha taslimu wakati wakisubiri hati fulani, hiyo ni amana inayorudi. Iandike kuwa deni lao kwako, hata kama wakala ataichanganya kwenye bili yake.

La mwisho liko kwenye maandishi ya mkaguzi katika hati ulizoniambatishia: wasiwasi wake kuhusu namba ya uainishaji, yaani namba ambayo forodha hutambulia aina ya bidhaa, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi kuliko yote aliyoandika. Mashine za kujaza, kufunga na kubandika lebo chupa ziko kichwa 8422 cha mfumo wa uainishaji wa Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za kwanza ni moja kwa nchi zote zinazoutumia mfumo huo, zinazofuata kila nchi hupanga zake, na ushuru hutegemea huko mwishoni. Forodha ina haki ya kurudi baada ya mzigo kutoka na kukagua upya. Tuseme mwisho wa mwaka wa pili wanasema mstari sahihi ulikuwa wa asilimia 13. Watakudai asilimia 3 ya 86,000, yaani 2,580, pamoja na adhabu na riba.

Adhabu na riba ni gharama za mwaka zinapotozwa, bila mjadala. Ile 2,580 ni ushuru wa mashine. Kama uainishaji wa kwanza ulifanywa kwa uangalifu na tofauti ni ya tafsiri tu, unaiongeza kwenye mashine siku ile na kuendelea mbele. Thamani ya vitabuni baada ya miaka miwili ni 78,000, inakuwa 80,580, unatoa masalio 6,000, unagawa kwa miaka 6 iliyobaki, na uchakavu mpya ni 12,430. Huendi nyuma kuchakaza miaka iliyopita. Lakini kama ilikuwa wazi tangu mwanzo kwamba namba ni ya kitu kingine, na mtu aliichagua kwa sababu ushuru wake ni mdogo, hilo ni kosa la kipindi kilichopita. Likiwa kubwa kwa vitabu vyako, takwimu za nyuma zinasahihishwa. Mkaguzi atakachokuomba hapo ni barua na maelezo ya kiufundi uliyompa wakala wakati ule. Kwenye faili lako sijayaona. Kuna namba tu, bila anayeeleza ilikotoka.

Kwa hiyo kabla hujalipa malipo ya awali ya mashine ya pili, iandikie forodha uombe uamuzi wa awali wa uainishaji, ukiambatisha michoro na maelezo ya mtengenezaji. Mkataba wa kurahisisha biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi huo kwa maandishi kwa anayeomba, na unaifunga forodha kwa muda fulani maadamu maelezo uliyotoa ni ya kweli. Ukiwa nao mkononi, weka asilimia iliyoandikwa humo kwenye jedwali la benki mahali pa ile 10 tuliyotumia, kisha nitumie tuipitie pamoja.